Barua ya rambirambi kutoka Ujiji: jinsi ya kuitia kwenye Kiingereza na pole yake ikabaki pole

Kigoma ni mji wenye marafiki wa mbali. Wapo waliokuja kufundisha sekondari wakakaa miaka miwili wakarudi kwao. Wapo waliopita Gombe kuwafuatilia sokwe. Wapo pia waliokuwa majirani zetu kambini Nyarugusu, kule Kasulu, ambao leo wanaishi Marekani, Kanada au Australia na watoto wao wanasoma Kiingereza kwa wepesi kuliko Kiswahili. Mtu akifariki upande mmoja, habari inafika upande wa pili siku hiyohiyo kwa simu. Mimi nachapa na kutafsiri barua za watu hapa Mwanga, na swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Kwa Kiswahili maneno ninayo. Mbona nikiyapeleka kwenye Kiingereza yanatoka kama tangazo la ofisini?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halihitaji mtu awe na Kiingereza kingi. Linahitaji aelewe kwanza barua ya rambirambi inafanya nini.

Rambirambi, kwa maana yake ya kwanza, ni maneno ya kumpa pole mfiwa. Kwa matumizi yetu ya siku zote ni pia fedha zinazochangwa msibani na kuandikwa kwenye daftari, jina kwa jina. Maana hizi mbili zitatusumbua baadaye, kwa hiyo msomaji azishike. Kutafsiri nako wengi hukuchukulia kuwa ni kuondoa neno la lugha moja na kuweka la lugha nyingine mahali palepale. Kwa risiti ya dukani njia hiyo inaweza kutosha. Kwa barua ya msiba haitoshi, kwa sababu barua ya msiba haipeleki habari. Rafiki yako anajua kwamba mama yake amefariki. Hakuna unachomfahamisha.

Chukulia sentensi za barua hiyo kama watu waliofika msibani. Yupo aliyekuja kukaa tu kwenye mkeka karibu na mfiwa, yupo aliyekuja kuomba dua, yupo anayesimulia habari za marehemu, na yupo anayeuliza maji yapo au hayapo. Kila mmoja ana kazi yake. Unapotafsiri, usiulize "neno hili kwa Kiingereza ni lipi?" Uliza "sentensi hii imekuja kufanya kazi gani, na huko kazi hiyo inafanywa kwa maneno gani?" Mara nyingine maneno yatafanana, mara nyingine hayatafanana hata kidogo.

Tuione barua yenyewe. Mama mmoja wa Ujiji anamwandikia rafiki yake Mwingereza aliyewahi kufundisha hapa. Mama mzazi wa rafiki huyo amefariki. Ameandika hivi:

"Rafiki yangu mpendwa, nimepokea kwa majonzi makubwa habari za kufariki kwa mama yako. Pole sana, na poleni nyote hapo nyumbani. Sisi huku tumeguswa sana na msiba huu. Najua mmeshampumzisha. Mama alipokuja Ujiji alikaa nasi jikoni akataka kujifunza kukaanga dagaa kwa mawese, na wanangu bado wanakumbuka kicheko chake. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, rafiki yangu, tuko pamoja. Mungu amlaze mahali pema peponi. Amina. Nimekutumia rambirambi kidogo."

Kwa Kiswahili barua hii haina kasoro. Kila sentensi inakaa mahali pake, na mfiwa wa Kiswahili akiisoma atajua ameshikwa mkono.

Tuanze na pole, maana ndiyo inayozua hofu nyingi. Watu huniambia: "Ukiandika sori, si unakiri kosa? Kwani nimemuua mimi?" Hofu hiyo inatokana na sori tuliyoizoea mitaani, ya mtu aliyekukanyaga kwenye daladala. Kiswahili kimezigawa kazi mbili kwa maneno mawili: samahani ni ya mkosaji, pole ni ya mwenye huruma. Kiingereza kinatumia neno moja kwa zote mbili, na msikilizaji anatambua kwa mazingira. Hakuna Mwingereza aliyefiwa atakayedhani unaomba radhi. "I am so sorry about your mum" ni pole halali kabisa.

Kosa kubwa zaidi liko upande wa pili wa daraja, yaani kutoka Kiingereza kuja kwetu. Waingereza husema "I am sorry for your loss," na mwenye kamusi mkononi anatoa "samahani kwa hasara yako." Hasara ni ya mfanyabiashara aliyezamisha shehena ziwani. Hata "upotevu wako" haifai. Ajabu ni kwamba tumeshazoea kusema "tumempoteza mzee wetu," na hilo linasikika vizuri, lakini nomino yake haikubali kuingia msibani. Kazi ya sentensi ile ni kutoa pole, kwa hiyo tafsiri yake ni "pole sana kwa msiba," basi.

Sasa "poleni nyote." Hapa Kiingereza kina pengo la kweli. Neno lao la "wewe" na "ninyi" ni moja, na ukiandika pole mara mbili, rafiki yako ataona umerudia tu. Ule wingi wa poleni, unaomfanya mfiwa ajue kwamba hata wadogo zake wamehesabiwa, hauwezi kubebwa na kitenzi wala kiwakilishi. Inabidi uwataje watu: "Please tell your father and your brothers that we are thinking of them too." Sentensi imerefuka, lakini kazi imefanyika.

Mwanzo wa barua, "nimepokea kwa majonzi makubwa habari za kufariki," ndio unaowapotosha waliosoma Kiingereza cha darasani. Wanauvaa suti: wanatafuta neno gumu la kifo, wanaongeza "heartfelt" na "untimely demise," wakiamini kuwa neno zito ndilo lenye heshima. Kwa Kiswahili ni kweli kwamba heshima hupanda kwa kuchagua neno. Hatuandiki "mama yako amekufa". Tunaandika amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kwa Kiingereza, kati ya marafiki, ukaribu huonyeshwa kwa maneno mepesi, na maneno mazito huwa ya kampuni inayomwandikia mteja. "I was so sad to hear that your mum has died" si ukali kama "amekufa" yetu. Kama bado unaogopa, "passed away" ipo na haimuudhi mtu. Lakini njia nzuri zaidi ni kuutazama ujumbe wa mfiwa mwenyewe. Ametumia neno gani kwa kifo? Amemwita mama yake nani? Fuata maneno yake. Kwa sababu hiyohiyo, "marehemu mama yako," ambayo kwetu ni adabu, usiipeleke kama ilivyo. Neno lao la marehemu linasikika kama la fomu ya mahakama ya mirathi, na kwa mtu aliyefiwa wiki hii linaweza kuwa mara ya kwanza kuliona kando ya jina la mama yake.

"Tumeguswa sana" ni mtego ambao hata wenye Kiingereza kizuri huuingia. Kwa Kiswahili kuguswa na msiba ni kuumia pamoja na mfiwa. Kiingereza nacho kina kuguswa, "touched," lakini kwao ni kufurahishwa na wema: umeletewa zawadi usiyoitarajia, umeguswa. Ukimwambia mtu kwamba kifo cha mama yake kimekugusa kwa neno lile, atasimama asome tena. Andika kwamba mmehuzunika, au iache kabisa kama umeshasema hilo juu.

"Najua mmeshampumzisha" haina kosa la lugha, ina kosa la hali halisi. Ujiji maiti huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Uingereza ni kawaida mazishi kufanyika baada ya wiki mbili, au hata zaidi. Barua yako inaweza kumkuta mama bado hajazikwa, na rafiki yako ndiyo kwanza anapanga. Sentensi hii huulizwa kwanza au huondolewa. Mfasiri anayo haki ya kumwambia mwenye barua: "Mama, huko taratibu ni nyingine, tuitoe hii." Mama wa Ujiji alikubali bila shida. Kwa wengine nimelazimika kueleza kwa kirefu, kwa sababu kwetu mwili kukaa wiki mbili ni jambo la kushtua.

Kisha inakuja sentensi ya dagaa na mawese. Hii inapita kwenye Kiingereza karibu bila kubadilika, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sisi kwenye barua huiweka kando mara nyingi, kwa sababu habari za marehemu tunazisimulia kwa mdomo kwenye matanga, usiku, watu wamekaa. Mwingereza anaweza asiwe na matanga ya namna hiyo. Kwake masimulizi hayo huja kwa barua na kadi, naye anaweza kuzitunza miaka mingi. Kwa hiyo nikiletewa barua isiyo na kumbukumbu yoyote ya marehemu, namuuliza mwenye barua: "Ulimwona lini? Alisema nini? Alipenda nini?" Sentensi moja ya namna hiyo hufanya kazi ambayo dua tano zilizotafsiriwa vibaya haziwezi kuifanya. Dagaa liache liwe dagaa. Rafiki alikaa Kigoma, analijua.

Baada ya hapo tunaingia kwenye maneno ya imani, na hapa lazima mwandishi aijue imani ya msomaji wake. "Kazi ya Mungu haina makosa" kwetu ni neno la kukubali kwa pamoja. Anayelisema naye amewahi kufiwa, anayelisikia amelisema kwa wengine, na hakuna anayetoa hoja. Likiwekwa kwenye Kiingereza linageuka kuwa hoja: kwamba kifo cha mama yako ni sahihi. Mtu asiye na dini atalisikia hivyo, na hata Mkristo wa huko anaweza kulisikia hivyo. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Kwetu yakisemwa kaburini watu hujibu "jina la Bwana libarikiwe," na faraja iko katika kule kujibu. Kwenye karatasi hakuna wa kujibu. Kama mfiwa ni Mwislamu ni rahisi: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," maneno ya Sura ya 2 aya ya 156, yaandike hivyohivyo bila kutafsiri, maana Mwislamu wa Kigoma na wa Birmingham anayajua kwa Kiarabu chake. Kama hujui imani ya mtu, badilisha mwelekeo wa sentensi. Badala ya kumweleza kazi ya Mungu, mweleze unachofanya wewe: "I am praying for her, and for you." Hujamlazimisha aamini chochote, na wewe hujaificha dini yako.

Sentensi ya dua, "Mungu amlaze mahali pema peponi," ndiyo hatari kubwa ya barua nzima. Kulaza, kwa Kiingereza cha neno kwa neno, ni "put to sleep." Waingereza hutumia maneno hayohayo wanapozungumzia daktari wa mifugo anayemchoma sindano mbwa mgonjwa ili afe. Huhitaji kufikiria mara mbili athari yake kwa mtu aliyefiwa na mama. Kazi ya sentensi yetu ni kumwombea marehemu pumziko, na kazi hiyo huko ina maneno yake tayari: "May she rest in peace."

"Jikaze" ninaitoa karibu kila mara. Mtu anayekwambia jikaze msibani hapa Kigoma amekushika bega, na kesho atarudi na kikapu cha unga. Lile bega na ule unga ndivyo vinavyoifanya iwe faraja. Kwenye Kiingereza linabaki agizo peke yake, kumwambia mtu ajizuie asilie, na wengi wao hilo linawaumiza. "Tuko pamoja" nayo ikihamishwa neno kwa neno inakuwa taarifa kwamba tumekaa chumba kimoja. Igeuze kuwa "We are with you," na kama uko mbali, kiri umbali huo: "even from this far."

Imebaki rambirambi ya mwisho, ya fedha. Ukiandika "I have sent my condolences," msomaji ataelewa maneno, na fedha zikiingia kwenye akaunti yake hatajua za nini. Tena kwao si desturi iliyoenea kumpa mfiwa fedha mkononi. Wengi hupeleka maua, au huchangia shirika la hisani ambalo familia imelitaja. Asipoelezwa, anaweza kuona aibu kwamba rafiki wa Ujiji amejinyima. Hapa mfasiri anaongeza sentensi ambayo haikuwepo, kwa sababu mfiwa wa kwetu asingehitaji kuelezwa.

Barua ikatoka hivi:

"I was so sad to hear that your mum has died. Pole sana. Please tell your father and your brothers that all of us here in Ujiji are thinking of them too. I remember your mum in our kitchen, wanting to learn how to fry dagaa in palm oil, and my children still talk about her laugh. We are with you, even from this far. I am praying for her, and for you. May she rest in peace. Here, when someone dies, friends give the family a little something. This is ours, with love."

Msomaji ataona nimeacha pole ya Kiswahili katikati ya Kiingereza. Nimeiacha kwa sababu rafiki huyu aliishi hapa, amepewa pole alipoumwa malaria, alipojikwaa, alipobeba ndoo. Anaijua kwa mwili wake. Kwa mtu ambaye hajawahi kufika Afrika Mashariki nisingeiacha, maana ingemlazimisha kutafuta maana wakati hana nguvu ya kutafuta chochote.

Kuna wanaoamini kwamba baada ya kupunguza hivi barua imekosa uaminifu. Nawaelewa, na sheria yangu hapa ni moja: mwenye barua asomewe tafsiri kwa kurudishwa kwenye Kiswahili, sentensi kwa sentensi, naye ndiye mwenye kauli. Akisema "dua yangu ibaki nzima," inabaki nzima, ila kwa maneno yasiyojeruhi. Halafu mpe mtu mwingine anayejua Kiingereza na ambaye hajaiona barua ya Kiswahili. Usimuulize kama Kiingereza ni sahihi. Muulize mwandishi anafanya nini katika kila mstari. Akisema "hapa anaomba radhi" au "hapa anamkaripia," umeipata sehemu iliyoharibika.

Njia ya kurudi ina mitego yake pia. Miezi kadhaa baadaye baba wa mama yule wa Ujiji alifariki, na barua ikaja kutoka Uingereza. Ilikuwa fupi. Ilisema "My thoughts are with you," kwamba mzee alikuwa "such a lovely man," na ikamalizia "You don't need to reply."

"Mawazo yangu yako nawe" isingefaa. Kwetu mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye dhiki, na mfiwa angeanza kumhurumia aliyemwandikia. Kazi ya sentensi ile ni ileile ya tuko pamoja, kwa hiyo nikaandika "niko pamoja nawe katika msiba huu." Mzee mwenye sifa ile nikamwita "mtu wa watu," kwa sababu ndivyo Ujiji ilivyokuwa ikimsema msikitini na sokoni. Na pale ambapo Mwingereza alimwandikia mtu mmoja tu, mimi niliandika "poleni," maana barua ile ingesomwa kwa sauti mbele ya ndugu wote, na pole ya mtu mmoja ingewaacha wengine nje ya mlango.

Mstari wa mwisho ndio uliohitaji uangalifu kuliko yote. Kwa Mwingereza, kumwambia mfiwa kwamba hana haja ya kujibu ni kumtua mzigo: najua umechoka, usinifikirie mimi. Kwa Kiswahili "huna haja ya kunijibu" ni kufunga mlango kwa kishindo. Mtu akiambiwa hivyo na rafiki atauliza amekosa nini. Kazi ni kumpa nafasi ya kupumzika bila kukata mazungumzo, na kwa hiyo mama wa Ujiji alisomewa hivi: "Usijisumbue kunijibu sasa, dada yangu. Maliza msiba kwanza. Ukipata nafasi nitafurahi kukusikia."

Alijibu baada ya arobaini.